Spotify Imegoma Kwenye Simu ya Kazi

Afisa wa mradi wa afya mkoani Mwanza amekabidhiwa simu ya Samsung. Ameisaini kwenye daftari la vifaa, ameweka laini ya ofisi, na ndani amekuta KoboCollect ya kujazia takwimu za vijijini, barua pepe ya shirika, WhatsApp na ramani. Kesho ana safari ya Sengerema, kwa hiyo usiku huo anataka kuweka Spotify apate cha kusikiliza njiani. Anafungua Play Store, anaandika jina la programu, hapati kitu. Anabonyeza kiungo alichotumiwa na mwenzake, yanatokea maandishi: "Your administrator has not given you access to this item." Anaamua kuongeza Gmail yake binafsi, nayo inakataa: "Blocked by your IT admin."

Afisa huyu ni wa mfano, lakini yanayomkuta huwakuta wengi, na wengi huishia kudhani simu ni mbovu au Spotify haifanyi kazi nchini. Spotify imefunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda tangu 2021. Simu nayo ni nzima. Kilichopo ni kwamba siku ilipowashwa mara ya kwanza, kabla haijafika mikononi mwake, mtu wa TEHAMA aliiskanisha msimbo wa QR, na simu ikajiandikisha kwenye mfumo wa usimamizi wa shirika. Tangu hapo, kila mara ipatapo mtandao, inapokea kanuni kutoka huko: programu zipi ziwepo, akaunti zipi ziongezwe, nenosiri liwe refu kiasi gani. Mtumiaji hazioni kanuni hizo. Anachokiona ni makatazo yake tu, tena kwa Kiingereza kifupi kisichoeleza sababu.

Kosa la kwanza watu hufanya ni kuona makatazo yote ni kitu kimoja. Kukosa programu dukani ni jambo moja, kukataliwa kuongeza akaunti ni jambo la pili, na kuweka programu vizuri halafu ikagoma kukuingiza ni jambo la tatu kabisa. Kila moja lina dawa yake, na ukimwendea mtu wa TEHAMA na malalamiko ya jumla kwamba "muziki haufunguki", atakujibu kwa jumla vilevile.

Kabla ya yote, jua simu yako iko kwenye mpango gani. Kwa simu za Android kuna mipango mitatu inayokutwa sana maofisini.

Wa kwanza ni simu yako mwenyewe, uliyoinunua kwa pesa yako, ila umekubali ofisi itenge sehemu ya kazi ndani yake. Hapo utaona programu zingine mara mbili, moja ikiwa na alama ndogo ya mkoba wa ofisini. Utaona hata Play Store mbili, na hapa ndipo watu wanapojichanganya: wanaingia kwenye Play Store yenye mkoba, wanatafuta Spotify, wanaikosa, wanakata tamaa. Fungua ile isiyo na mkoba. Kwa kawaida programu inakaa upande wako bila ombi wala barua, na ofisi haioni umeweka nini upande huo. Nina hakika malalamiko mengi yangeishia kwenye aya hii.

Mpango wa pili ni simu ya ofisi iliyogawanywa vivyo hivyo, upande wa kazi na upande wa binafsi. Inafanana sana na ile ya kwanza, lakini kwa kuwa kifaa ni mali ya ofisi, msimamizi anaweza kuweka orodha ya programu zisizoruhusiwa hata upande wako binafsi. Tangu Android 11, hawezi kuona unazoziweka huko. Anaweza tu kuweka kikomo cha zinazoruhusiwa.

Wa tatu ndio wa afisa wetu. Simu nzima ni ya ofisi, haina upande wa binafsi, na alama za mkoba huenda zisionekane kabisa kwa sababu hakuna cha kutenganisha. Kuitambua ni rahisi: vuta pazia la juu la simu mpaka mwisho, utasoma chini kwamba kifaa ni mali ya shirika. Kisha ingia Settings na utafute "Managed device info". Ukurasa huo unastahili kusomwa na kila mwenye simu ya kazi, hata asiyejali muziki. Unaorodhesha ambacho mwajiri anaweza kukiona: orodha ya programu zilizopo, muda na data vilivyotumika katika kila programu, na pengine kumbukumbu za mtandao. Kwa maneno mengine, hata ukiruhusiwa Spotify, ofisi inaweza kujua umeisikiliza saa ngapi siku ya kazi. Haijui ulisikiliza wimbo gani, ila muda inao.

Sasa turudi dukani. Katika simu inayosimamiwa nzima, Play Store si duka lile ulilolizoea. Mara nyingi hufanya kazi kwa orodha ya vilivyoruhusiwa: kisichotajwa hakipo, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kukizuia. Hili lina maana kubwa kwa mwombaji. Inawezekana sana hakuna kikao chochote kilichokaa kuikataza Spotify. Mtu aliandika programu nane zinazohitajika kwa mradi, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani. Kuiongeza ya tisa ni kazi ya dakika chache. Katika mfumo wa Google wenyewe, kinachoongezwa kwenye kanuni ni kifupi kama hivi:

```
{
  "packageName": "com.spotify.music",
  "installType": "AVAILABLE"
}
```

Neno AVAILABLE lina maana kwamba programu itaonekana dukani, anayeitaka aiweke, asiyeitaka aiache. Lingekuwa BLOCKED, hapo ndipo ungesema kuna mtu aliyeamua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa TEHAMA si "kwa nini mmezuia?" bali "imezuiwa, au haijaongezwa tu?" Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo, na la pili halimweki mtu katika hali ya kujitetea.

Na zile Gmail zilizokataa kuongezwa? Hiyo ni kanuni nyingine, inayozuia kuongeza au kuondoa akaunti kwenye simu. Sababu yake ni ya msingi: Gmail binafsi ikiingia, anwani za wagonjwa, picha za fomu na majina ya wahudumu wa vijijini vinaweza kunakiliwa kwenda kwenye hifadhi ya mtu binafsi bila hata yeye kujua. Kanuni hiyo haihusiani na muziki, na huenda isilegezwe. Habari njema ni kwamba Spotify haihitaji kabisa Gmail yako iwe kwenye simu. Programu ikiruhusiwa, utaingia kwa barua pepe na nenosiri ulivyoviandika ndani ya programu yenyewe, na akaunti ya simu itabaki ileile ya ofisi.

Hapo tunafika kwenye kizuizi kinachochanganya kuliko vyote. Programu imeruhusiwa, imeshuka, imefunguka, halafu kuingia kunashindikana. Sababu ya kawaida ni kitufe cha kuingia kwa Google. Simu ina akaunti moja tu ya Google, ile ya shirika, kwa hiyo kitufe kinaichukua hiyo, na mfumo wa shirika unakataa kuitambulisha kwa programu ya nje. Ukurasa unaotokea huandika "Access blocked", na chini yake huenda ukaona msimbo `admin_policy_enforced`. Ukiuona msimbo huo, usipoteze muda kufuta programu na kuirudisha. Rudi nyuma, chagua barua pepe na nenosiri, maliza.

Shuleni ukurasa huohuo ndio unaokutwa zaidi. Shule zinazotumia akaunti za elimu za Google hutakiwa kubainisha wanafunzi walio chini ya miaka 18, na kwa hao, programu ya nje ambayo shule haijaipitia haikubali kitufe cha kuingia kwa Google. Maandishi husema kwamba msimamizi wa taasisi anatakiwa kuipitia kwanza. Mzazi akiliona hilo kwenye simu au tableti ya mtoto, asidhani mtoto amefanya kosa. Ila pia asimwambie mtoto aongope umri kwenye akaunti mpya. Mwenye mamlaka ya kuruhusu ni shule, na kwa muziki wa nyumbani kifaa cha nyumbani kinatosha.

Kuna sababu nyingine ya kugoma kuingia ambayo hata watu wa TEHAMA wakati mwingine huisahau. Mashirika yenye makao makuu Ulaya hupenda kuilazimisha simu ipite kwenye VPN ya shirika muda wote. Simu iko Mwanza, lakini mtandaoni inaonekana iko London. Akaunti ya bure ya Spotify inaruhusu kutumika nje ya nchi iliyoandikishwa kwa siku 14 tu. Kwa hiyo kila kitu kinakwenda vizuri wiki mbili, kisha ghafla unaambiwa uko nchi tofauti na ile ya akaunti yako. Ukiona alama ya ufunguo au neno VPN juu ya skrini, na kugoma kumeanza baada ya wiki mbili za amani, sababu ni hiyo. Usibadilishe nchi ya akaunti yako kuwa Uingereza ili kuiridhisha. Mueleze msimamizi, kwani mifumo mingi humruhusu kuitoa programu moja nje ya VPN na kuacha nyingine zote ndani.

Ukiwa na shaka kama kizuizi kiko kwenye simu au kwenye mtandao wa jengo, kuna jaribio rahisi. Zima waifai, tumia data ya laini, fungua open.spotify.com kwenye Chrome. Ikifunguka kwa data na kugoma kwa waifai, kichujio kiko kwenye waifai ya ofisi au shule. Ikigoma kote na kuandika `ERR_BLOCKED_BY_ADMINISTRATOR`, kanuni iko ndani ya simu. Na ikifunguka kote, una bahati: ukurasa huo unapiga nyimbo bila kuweka programu yoyote, ingawa hautakuruhusu kuhifadhi nyimbo za kusikiliza bila mtandao.

Jambo hilo la kuhifadhi linastahili neno lake, maana ndilo afisa wetu alilolitaka hasa. Hata kama programu ingekubaliwa usiku uleule, akaunti ya bure ya Spotify haishushi nyimbo. Kushusha kunahitaji akaunti ya kulipia, na baada ya hapo simu lazima iguse mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zilizohifadhiwa hufungwa. Wako wanaopigana na ofisi wiki nzima kwa ajili ya programu ambayo isingewafaa barabarani hata ingekuwepo.

Upande wa ofisi nao una hesabu zake, na ukizijua ombi lako litakuwa na nguvu. Spotify kwa ubora wa kawaida hupitisha kiasi cha kilobiti 96 kwa sekunde, ambayo ni takriban megabaiti 43 kwa saa. Anayesikiliza saa nane kila siku ya kazi, kwa siku 22, anakula gigabaiti saba na nusu kwa mwezi. Shirika lenye simu 40 linaangalia gigabaiti 300 za bando, kwa bajeti iliyoandikwa kwa ajili ya kutuma fomu. Mtu wa fedha anaona mstari huo kabla ya mtu yeyote kufikiria usalama. Kwa hiyo ombi linaloahidi muziki kwa waifai tu, au kwa bando la mwombaji mwenyewe, linagusa mahali penyewe.

Ombi lenyewe liwe fupi na liwe na vitu vinavyomwezesha mtu kutenda bila kukuuliza tena. Kwa mfano:

"Habari za kazi kaka. Naomba kujua kama Spotify (com.spotify.music) imezuiwa kwenye simu za mradi au haijaongezwa tu. Play Store inaniandikia 'Your administrator has not given you access to this item', nimeambatisha picha. Ninaihitaji safarini nje ya saa za kazi, nitaingia kwa barua pepe yangu binafsi na sitatumia data ya ofisi. Kama haiwezekani, naomba kujua kama Bluetooth inaruhusiwa ili niunganishe spika na simu yangu. Asante."

Picha ya skrini ni ya lazima, kwa sababu maneno yaliyoandikwa pale ndiyo yanayomwambia fundi ni kanuni ipi ya kuangalia. Akikubali, ataitafuta programu kwenye Play Store ya shirika, ataichagua, kisha ataigawa kwa kundi la simu zenu. Haitatokea papo hapo. Acha simu iwe na mtandao, izime na uiwashe, na upe mfumo saa chache kabla ya kulalamika tena.

Akikataa, njia iliyobaki ni nyepesi kuliko watu wanavyotaka kukubali: muziki ubaki kwenye simu yako. Wengi hapa kwetu tayari tunatembea na simu mbili. Simu ya kazi ibaki na kazi, spika au hedifoni ziunganishwe na ile nyingine. Wengine huweka faili za MP3 kwenye simu ya ofisi na kuzipiga kwa programu ya mafaili iliyopo tayari. Inafanya kazi pale ambapo kuhamisha mafaili kwa waya hakujazuiwa, na mara nyingi kumezuiwa.

Kuna njia mbili zinazopendekezwa vijiweni ambazo mimi nazikataa waziwazi. Ya kwanza ni kutafuta APK ya Spotify mtandaoni, hasa zile zinazotangazwa kuwa na huduma ya kulipia bila malipo. Katika simu inayosimamiwa, uwekaji kutoka nje ya duka kwa kawaida umefungwa. Ukifanikiwa kupenya, mfumo unaofuata orodha ya vilivyoruhusiwa unaweza kuiondoa wenyewe mara uigundue, na simu ikatajwa kuwa imevunja masharti. Barua pepe ya kazi ikakatwa Jumatatu asubuhi. Hapo hatujasema lolote juu ya kilichowekwa ndani ya APK hiyo na mtu usiyemjua.

Ya pili ni kuirudisha simu kiwandani kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Simu iliyosajiliwa kwa Knox au kwa usajili wa zero-touch wa Google hutambuliwa tena mara inapogusa mtandao, na kujirudisha yenyewe chini ya usimamizi uleule. Utakachopoteza ni fomu za KoboCollect zilizokuwa zimehifadhiwa na hazijatumwa, yaani kazi ya vijiji vitatu. Wafanyabiashara wa simu zilizotumika wanalijua hili vizuri. Simu nzuri kutoka Dubai au Ulaya inafika Kariakoo, inawashwa, na kabla haijamaliza kujiandaa inataja kampuni ambayo mnunuzi hajawahi kuisikia. Iphone nazo huleta ukurasa wa "Remote Management". Suluhisho halali ni kampuni ile iitoe namba ya simu hiyo kwenye orodha yake, na muuzaji asiyeweza kulipata hilo akurudishie fedha. Simu za kulipia kidogokidogo zina kufuli linalofanana na hili kwa sura, lakini hilo ni la deni, huondoka deni linapokwisha.

Limebaki la kuondoka kazini, na ndilo linalowagharimu wale waliofanikiwa. Mtu alipoweka Spotify aliona ni haraka zaidi kujiandikisha kwa barua pepe ya ofisi. Miaka mitatu baadaye mkataba umekwisha, simu imerudishwa na kufutwa. Nyimbo alizoshusha zimekwenda na simu, na hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba orodha zake zote za nyimbo ziko kwenye akaunti ambayo barua ya kubadili nenosiri inatumwa kwenye kikasha kilichokwisha kufungwa. Kama akaunti yako iko hivyo, ingia kwenye ukurasa wa akaunti kupitia kompyuta leo, weka nenosiri kama hukuwahi kuwa nalo kwa kuomba barua ya kulibadili, kisha ubadilishe anwani iwe yako binafsi. Fanya hivyo kikasha cha ofisi kikiwa bado kinapokea.